Shingo za Sopurano

Tulijikuna mbele ya askofu. Wanawake tisa wa kwaya, sauti za malaika, kucha za nyani. Ilikuwa miaka ile tuliporudi kutoka kambi za wakimbizi Kongo, na milio ya mizinga ya ng'ambo ya mto Ruzizi iliingilia mahubiri bila kuomba ruhusa.

Sweta za kwaya nzima, wanawake kwa wanaume, alizifuma mama yangu mdogo. Alifumua sweta kuukuu za mitumba, akazichovya nyuzi zote katika rangi ya buluu, akafuma upya.

Baada ya misa kiongozi wa kwaya alimzuia mlangoni, mkono mmoja mfukoni.

"Maman, umetuletea upele wa kambini. Wanaume hatujikuni kwa sababu tunaoga! Zikiwasha tena Jumapili, nazichoma."

Zikichomwa, nani mjini Kamembe angempa tena kazi ya kufuma? Na sindano zile ndizo zilitulisha. Kwa hofu alichemsha sweta moja ili kuua upele. Ikasinyaa, ikamtosha kuku. Alipoivaa shingoni kama skafu, ikamwasha vilevile.

Jumatatu mimi na mama mdogo tulikwenda sokoni kwa bibi mmoja muuza mitumba, aliyekaa juu ya marobota yake kama papa wa Roma. Alimwona mama mdogo akipapasa sufu.

"Unapima na kiganja? Hicho kiganja kimezoea jembe, kitasikia nini? Pima kwa shingo."

Akachomoa uzi kwenye sweta ya buluu, akauinua juani. Vinywele vilisimama pembeni.

"Hii ni kondoo ya nywele nene. Ncha yake haikunjami, inachoma ngozi kama ndevu za juzi. Hakuna mududu hapa, Maman; mududu wa upele unaanzia katikati ya vidole. Ukitoka jasho ndiyo inazidi."

Kisha akatoa sweta ya kijivu, nyepesi, akaisugua kwenye shingo yangu. Sikusikia kitu, nusura nimwombe arudie.

"Hii ni merino. Pia ni kondoo, lakini unywele wake mwembamba sana. Ukigusa ngozi, unajikunja wenyewe."

Mama mdogo alinitazama shingo, halafu akacheka peke yake. Ndani ya sweta sisi tulivaa blauzi za kitenge zenye shingo wazi. Wanaume walikuwa na mashati ya kola, yamefungwa hadi kooni. Sufu haikuwagusa, hata wasingeoga mwaka mzima.

Merino ilikuwa moja tu. Aliifumua yote, akaunganisha nyuzi zake tatu tatu kwa kuwa zilikuwa nyembamba mno, akatufumia shingo mpya na ncha za mikono, za kijivu. Tukafanana na njiwa.

Jumapili tuliimba nyimbo zote, mikono imetulia. Aliyejikuna alikuwa mmoja: kiongozi wetu, kola imebana koo, akikuna katikati ya vidole kila tulipovuta pumzi.

Kutoka benchi la tatu, mama mdogo alimwambia, na si kwa kunong'ona:

"Papa, hiyo si sufu."