Bangili Sita Mbele ya Kamera

Nilipokuwa nafanya kazi katika duka la shanga hapa Karatu, mimi ndiye niliyeandika maneno ya video zetu za kufunga oda. Duka liliuza zaidi mtandaoni. Simu ilifungwa kwenye stendi juu ya meza, mikono yangu tu ndiyo ilionekana, na muziki hatukuweka, ili watu wasikie karatasi ikikunjwa na selotepu ikivutwa.

Siku hiyo oda ilikuwa ya bibi harusi wa Dodoma: bangili sita za wasimamizi wake. Niliandika hivi: boksi tupu, karatasi laini, bangili moja moja, na kwenye skrini 1/6 mpaka 6/6, kadi ya shukrani, selotepu, mwisho, "Inaondoka leo. Keshokutwa ipo mkononi mwako."

Tatizo, bangili zilikuwa nne. Mbili zilikuwa bado kwa mama anayetushonea kule Kakesio, na mvua ilikuwa imeharibu barabara.

"Chukua mbili za kabatini," bosi akasema.

"Dada, hizo za mteja mwingine. Ameshazilipia."

"Ni za kurekodi tu. Tukimaliza unazitoa."

Nilitaka kukataa. Lakini chumba nilichokuwa nalala kilikuwa nyuma ya duka, chake, na kwetu Singida walijua nina kazi nzuri. Nikazipanga. Nikahesabu mpaka sita kwa sauti ya upole. Kamera ilipozimwa nikafungua boksi na kuzitoa mbili. Mzigo haukuondoka, ukabaki chini ya meza, miguuni pangu, ukisubiri zile mbili za Kakesio.

Video ilitazamwa sana kuliko zote. Watu waliandika kwamba sauti ya selotepu inawapa usingizi mzuri. Mimi kila simu ikilia nilitazama kwanza chini ya meza.

Siku ya tatu akapiga bibi harusi mwenyewe. Bosi akanisukumia simu. "Wewe ndiye sauti anayoijua. Mwambie basi limechelewa."

"Dada yangu, nimeona boksi langu, jina langu liko kwenye kadi," alisema, akicheka kwa furaha. "Limefika wapi?"

Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Hapakuwa na pa kupita.

"Halijatoka," nikasema. "Zipo nne. Sita ulizoona, mbili hazikuwa zako."

Akauliza, sasa bila kicheko, "Harusi ni Jumamosi. Nne zinafika?"

"Nikizipeleka stendi ya mabasi kesho asubuhi, zinafika."

"Zipeleke. Na ile video itoeni."

Nilizipeleka mwenyewe, nikamtumia picha ya risiti ya basi. Zilifika Ijumaa. Bosi hakunifukuza, ila wiki nzima hakunisemesha, na video hakuifuta; alisema inaleta wateja. Niliendelea kuishi nyuma ya duka lake miezi minane zaidi, na karibu kila siku mtu aliandika akiomba nimhesabie za kwake vilevile.