Mstari Niliomwachia Haji

Mimi ni mtu wa hasira, sitaki kuanza kwa kujidanganya. Lakini asubuhi ya kikao cha kufunga kazi ya Maliba niliingia ofisini Kasese na roho nyeupe kabisa. Tulikuwa tumemaliza kuteremsha maji kutoka mlimani, mabomba yanatoa, watu wanachota. Kazi ilipangwa siku thelathini, ikachukua arobaini na saba. Siku kumi na saba zilipotelea wapi? Hilo ndilo swali la kikao, na majibu yake yalikuwa kwenye daftari langu, maana msimamizi wa kule juu nilikuwa mimi.

Injinia wetu alikuwa na utaratibu mzuri, simnyimi haki yake. Kila kazi ikiisha tunakaa saa moja na chai na chapati, tunajaza karatasi moja tu: siku zilizopangwa, siku zilizotumika, sababu ya kuchelewa, na chini kabisa makadirio ya kazi inayofuata. "Hatutafuti mkosaji," alikuwa akisema, "tunatafuta siku." Nilimwamini. Na kazi inayofuata ilikuwa Kisinga, kwetu, nilikozaliwa. Mtaro wa mabomba wenye urefu karibu ule ule, na wachimbaji wakiwa wanakijiji wenyewe vilevile. Niliitaka kazi hiyo jamani, niliitaka mpaka naiota.

Siku nne zilikuwa za mazishi. Huku kwetu mtu akifa, hakuna anayeshika jembe kijijini mpaka azikwe, wala usijaribu kuwaomba.

Siku tano zilikuwa zangu. Nilikuwa na haraka, mvua inanukia, nikaamuru mtaro ufukiwe kabla hatujapima presha. Tulipofungulia maji, kiungo kimoja kikavuja chini ya udongo, na hatukujua ni kipi. Tukafukua upya hatua kwa hatua mpaka tukakipata. Kosa la mjinga, na mjinga ni mimi. Niliandika hivyo hivyo.

Siku nane zilizobaki zilikuwa za Haji.

Haji ni msafirishaji wa Bwera, mwenye kanta, gari ndogo ya mizigo inayoweza ile barabara ya Maliba, ambayo malori makubwa hayaithubutu. Mabomba, saruji na mchanga vilipanda kwa safari zake. Nilimheshimu kama baba mdogo. Mwaka mmoja mwanangu alipozidiwa, ni Haji aliyeshusha mizigo ya watu barabarani akatukimbiza hospitali. Kwa hiyo gari liliposhindwa kuja mara ya kwanza, akanipigia simu akasema, "Mwanangu, springi imekatika," nikampa pole. Mara ya pili nikampa pole. Mara ya nne nikaanza kuhesabu: Jumanne, Ijumaa, Jumanne, Ijumaa. Ala! Siku za soko la mpakani!

Nikapanda boda mpaka Bwera Ijumaa iliyofuata. Kanta ipo, imejaa magunia ya watu mpaka juu, springi nzima kabisa. Haji hakubisha. Alinivuta kando, akaniagizia chai.

"Mwanangu, siku ya soko hapa hakuna gari ya kwenda mulimani. Hawa watu beko wateja yangu tangu zamani, nikiwaacha wataenda kwa mutu mwingine. Lakini usiniandike. Nitasema mwenyewe mu kikao, mubele ya Injinia. Wallahi."

Mtu mzima ameapa, wewe ungefanya nini? Kwenye daftari, penye sababu ya zile siku nane, nikaacha mstari mtupu ili aujaze kwa mdomo wake. Wala dawa yake haikuwa ngumu: usimpangie gari Jumanne wala Ijumaa, ongeza hizo siku kwenye makadirio ya Kisinga, basi, hakuna aliyeaibika.

Kwenye kikao nikaanza mimi. Nikasema mazishi, nikasema kosa langu la kufukia kabla ya kupima, sikuficha hata siku moja. Injinia akatabasamu. "Msema kweli mpenzi wa Mungu," akasema, akaandika. Kisha akamgeukia Haji.

"Gari yangu iko tayari siku zote," Haji akasema, huku akichovya chapati kwenye chai. "Lakini ningepeleka mabomba wapi? Mutaro ilikuwa inafukuliwa. Si amesema mwenyewe?"

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuniangalia.

"Haji! Springi je? Soko je? Magunia niliyoyaona kwa macho yangu?" Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi.

"Iko wapi hapa?" Injinia akauliza, ameshika daftari langu.

"Nilimwachia aseme mwenyewe."

"Mama," akaniambia, "kisichoandikwa hakikutokea."

Nikasema haya, basi tuongeze angalau siku za msiba. Akasema kifo hakipangwi. Nikamwambia hatupangi nani atakufa, lakini ukikaa mlimani mwezi mzima msiba hauwezi kukosa, kila kazi tumekuta msiba, angalia karatasi zako mwenyewe! Akafunga kalamu. Kwenye nafasi ya sababu alikuwa ameandika moja tu: msimamizi alifukia mtaro kabla ya kupima presha. Kwenye marekebisho: kupima kwanza. Makadirio ya Kisinga: siku thelathini.

Akanitoa barazani, akapunguza sauti. Kumbe karatasi ya Kisinga ilikuwa imeshapelekwa kwa wafadhili wiki mbili nyuma, na siku zake thelathini ndani. Kikao chote kile, chai yote ile, tulikuwa tunatafuta sababu ya kuifanya thelathini ionekane kweli. Na sababu ilikuwa nimemletea mimi mwenyewe, nimeiandika kwa mwandiko mzuri.

"Saini, Kisinga ni yako," akasema. "Usiposaini, nitampa mwingine, na watu wataniuliza kwa nini. Nitawaonyesha karatasi."

Nikasaini. Kwa mwandiko ule ule mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Haji alikuwa anasubiri kwenye gari. Eti, "Mwanangu, usikasirike. Wewe kosa moja halikuui, wewe hapa beko wanakupenda. Mimi wakiniondoa, nitakula nini?" Nikamwambia asiniite mwanawe tena. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimekishonea mfuko kabisa kikae vizuri. Nililia njia nzima, kwa hasira, dereva wa boda akidhani nimefiwa.

Wiki ya tatu tukapanda Kisinga kuonana na wanakijiji. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi nje ya kanisa, wanawake wengi kuliko wanaume, maana wanaochimba ni hao. Injinia akaongea mambo ya maji safi. Haji alikuwa kwenye kanta yake pembeni, mkono nje ya dirisha. Mkataba wake mpya ulikuwa umeshatoka.

Kisha mama yangu mzazi akasimama. Akauliza kwa Lukonzo, lugha yetu, akiniangalia mimi, si Injinia. Mvua za kupanda ziko karibu. Wakiacha mashamba waje kuchimba, ni siku ngapi? Watawahi maharagwe au hawatawahi?

Nilijua hesabu. Arobaini na mbili nikijitahidi, na kama misiba itatuhurumia. Mvua haingengoja arobaini na mbili. Injinia hajui Lukonzo, lakini aligeuka kunitazama.

"Thelathini, Mama," nikasema.

Minong'ono ikaanza, kuna waliosikia habari za Maliba. Mama akawanyamazisha kwa mkono. Akawaambia waache mbegu ndani, waje na majembe Jumatatu, watapanda wakimaliza. "Huyu nimemzaa mimi," akasema. "Mimi hawezi kunidanganya."