Chumvi ya Majivu

Baba alimpiga mama kwa sababu ya maharage. Nasema maharage, ingawa kabla ya hapo alishampiga kwa sababu ya mvua, ya mbuzi, na ya salamu aliyoitikiwa kwa sauti ndogo. Lakini siku hiyo yalikuwa maharage, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nimekuja nyumbani Kitahana kwa likizo, mwanafunzi wa lishe mwaka wa mwisho katika chuo kimoja mjini Kasulu, na kichwa kimenivimba kwa elimu. Baba alikuwa ametoka hospitali na kadi ya presha. Daktari alimwambia apunguze chumvi. Mimi nikamweleza mama kama tulivyofundishwa: sodiamu huvuta maji, maji yanaongeza damu kwenye mishipa, mishipa inabanwa. Mtu mzima asizidishe chumvi gramu tano kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, tena hapo uhesabu na ile iliyojificha kwenye dagaa wa chumvi na vipande vya kukolezea mchuzi vya dukani. Mama alikuwa anatia magadi kwenye maharage ili yaive haraka. Nikamkataza, kwa kuwa magadi nayo ni sodiamu. Nilijisikia mjanja sana kwa hilo la magadi. Wenzangu wengi darasani lilikuwa linawapita.

Baba alionja tonge moja. "Umunyu!" alisema, ndiyo chumvi kwa Kiha chetu, kisha akasema tena kwa Kiswahili ili na mimi msomi nielewe. "Chumvi iko wapi? Mnanilisha kama maiti?" Sahani ilimpata mama shavuni. Alipoinama kuiokota, akampiga na kigoda mgongoni, mara mbili, bila haraka, kama mtu anayepasua kuni. Nilisikia pumzi ikimtoka mama. Mimi nilisimama mlangoni mdomo wazi. Nilimchukia baba siku ile kwa chuki safi kabisa, na sioni haya kuisema.

Kesho yake, nikimkanda mama mgongo kwa maji ya moto, yeye ndiye aliyetaja majivu. Zamani, chumvi ya dukani ilipokuwa adimu, bibi alikuwa akikausha maganda ya ndizi, anayachoma, majivu anayatia kwenye chungu chenye matundu chini, anamimina maji juu. Yanayochuruzika ni makali ulimini, na mboga inakolea. "Baba yako amekulia hayo," alisema mama. "Hatagundua."

Nilikaribia kupiga vigelegele. Majivu ya maganda ya ndizi yamejaa potasiamu, na potasiamu ndiyo tuliyokaririshwa kuwa rafiki wa mwenye presha: inasaidia figo kutoa sodiamu, inalegeza mishipa. Punguza hii, ongeza ile. Chumvi inatoka, ladha inabaki, mgongo wa mama unapona. Nilimwambia apike hivyo kila siku, na aongeze ndizi na parachichi. Kadi ya baba ilikuwa mezani, na kando yake pakiti ya vidonge vyake. Nilisoma mstari wa presha nikaifunga kadi. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, wa figo. Niliupitishia jicho tu, sikuusoma.

Baba alikula akamaliza. Nikarudi Kasulu nimetulia.

Wiki ya sita ulikuja mtihani. Simu tuliziacha mlangoni kwa msimamizi, kama kawaida. Swali la kumi na moja lilikuwa hivi: mgonjwa wa shinikizo la damu, figo zake zimedhoofu, anatumia dawa ya presha ya aina inayobakiza potasiamu mwilini. Ndugu zake wameacha chumvi ya kawaida, wanampikia kwa chumvi mbadala yenye potasiamu. Eleza hatari.

Jibu nililijua kabla sijamaliza kusoma. Figo ndizo mlango wa kutolea potasiamu. Zikichoka, inarundikana kwenye damu. Misuli inalegea, mapigo ya moyo yanavurugika, na moyo unaweza kusimama ghafla. Mgonjwa kama huyo apunguze chumvi, lakini asipewe mbadala huo. Niliandika haya yote kwa mwandiko mzuri. Katikati ya sentensi ya tatu nikaiona akilini kadi ya baba, ule mstari wa chini, na kile kidonge chake cheupe ambacho nilikuwa nimekisoma jina nikafurahi kukitambua.

Ningeweza kunyoosha mkono nikatoka. Sikutoka. Nilimuona mama ameinama kuokota sahani, nikasema moyoni: acha. Acha moyo wake usimame. Nilijibu swali la kumi na mbili na la kumi na tatu kwa mwandiko ule ule mzuri. Nilikuja kuweka kalamu chini kwenye swali la mwisho, nilipotambua kwamba mpishi ni mama, na kwamba nilikuwa namfanya mama muuaji bila yeye kujua.

Nilipiga simu nikiwa bado nimesimama kwenye ngazi za ukumbi.

"Baba yuko wapi?"

"Amelala," alisema mama. "Tangu juzi hainuki vizuri. Anasema miguu imekufa, moyo unaruka." Kisha akashusha sauti, nikasikia furaha ndani yake. "Mwanangu, wiki hii yote hajanipiga. Nikaona hayo maji yanamtuliza, nikawa naongeza."

Nikamweleza. 

"Kwa hiyo nikiendelea kupika hivyo?"

"Atakufa, mama."

"Na wewe unasemaje?"

Hapo ndipo alipouweka uamuzi begani kwangu, na nina hakika alijua anachofanya. Nikamwambia amwage yale maji, aite bodaboda mbili, mtu wa kumshika baba apande naye nyuma, wampeleke hospitali ya wilaya sasa hivi na wataje figo na majivu. Alisema, "Haya." Kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

Nilifika hospitali hiyo, Kibondo, kwa basi la asubuhi iliyofuata. Walikuwa wamewahi. Madaktari walimchoma baba dawa ya kulinda moyo, wakamwekea dripu ya sukari pamoja na insulini ili potasiamu iondoke kwenye damu irudi ndani ya chembe za mwili, wakambadilishia kidonge. Siku ya tatu miguu ilipata nguvu. Daktari alinipongeza mbele ya wauguzi: binti msomi, ameokoa baba.

Mchana ule mama alimletea ugali na mchicha, bila chumvi, ameukamulia limau kama nilivyomwelekeza. Baba alionja. Sahani ikaruka, ikampata mama juu ya jicho, na damu ikashuka mpaka kwenye kitenge.  Nilimrukia. Niliukamata mkono wake, ule ule wenye sindano, nikaubana kwa nguvu zangu zote mpaka damu ikapanda kwenye mpira wa dripu, na yeye akapiga kelele. Nilitaka apige kelele zaidi. Muuguzi alinivuta, sikuachia.

"Mwache," alisema mama.

Nikamwachia. Mama alijifuta damu kwa ncha ya kitenge, akakusanya mchicha sakafuni, akaweka sahani mikononi mwangu. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi, jicho moja limeanza kufumba.

"Wewe ndiye uliyemponya," alisema. "Sasa mpikie wewe."

Akatoka, akapanda gari la kwenda kwa kaka yake Murungu, na hajarudi Kitahana mpaka leo.