Beseni la Zahanati

Enzi za Mwingereza, baba yangu alikuwa fundi bomba Dodoma. Siku alipofunga beseni zito la kunawia zahanatini, nilikuwapo.

Aligonga ukuta, ukalia kama gunia la udongo. "Nyuma ya chokaa ni matofali mabichi," alimwambia msimamizi. "Hayashiki skrubu. Nitoboe mpaka ng'ambo, vyuma vya kubebea nivikaze kwa bolti ndefu na bamba nyuma."

"Mzee, unafunga beseni au daraja? Piga vigingi vya mti, umalize."

Baba alitii. Wiki ya pili mkunga aliliegemea, likang'oka, likamvunja mguu. Baba akafukuzwa.

Kesho yake alirudi kwa hiari yake, bila malipo, kufunga bolti zile. Mkunga alimtazama kutoka kitandani, hakuitikia salamu yake.