Kebo ya Shangazi

Katika kituo chetu cha afya pale Ufukoni mimi ni afisa utawala, na chuo kikuu nilisomea historia. Naeleza hivi mapema ili msomaji asije akashangaa baadaye. Nilikuwa mtu wa mtandao kwa sababu moja tu: mwaka niliofika, printa ilimeza karatasi, nikaitoa kwa koleo la nyusi. Tangu siku hiyo kila kitu chenye waya kikawa changu.

Mtandao wenyewe niliurithi ukiwa uwanja mmoja mpana. Kompyuta za wafanyakazi, printa, seva yenye mafaili ya wagonjwa na simu za watu waliokaa kwenye benchi za mapokezi, vyote vilikuwa humo pamoja. Paswedi ya waifai iliandikwa kwa chaki ukutani, juu ya mtungi wa maji ya kunywa. Aliyeiandika ni mhudumu wetu wa mapokezi, mama wa Mikindani ambaye sote tunamwita Shangazi. Kwake mgeni hupewa kiti, maji na paswedi, kwa mpangilio huo, na kabla hajaulizwa anaumwa nini.

Mambo yaliharibika siku printa ya ofisini kwangu ilipotoa, bila mtu yeyote kuiagiza, picha ya keki ya harusi. Dada mmoja aliyekuwa benchi alibonyeza kimakosa. Tulicheka sana. Matroni, mkuu wa wauguzi wetu, peke yake hakucheka. Alichukua simu yake, akaenda kukaa benchi kati ya wagonjwa, akaibonyezabonyeza kidogo, kisha akarudi na kunisimamishia kioo mbele ya pua. Kulikuwa na folda, jina lake kwa herufi kubwa: MAFAILI YA WAGONJWA. Ilikuwa inafunguka.

"Mwandishi," aliniambia. Huniita hivyo akiwa amekasirika, kwa sababu ya makala zangu za gazetini. "Hili ndilo kabati lako salama?"

Lazima nieleze jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Mwaka mmoja kabla, Matroni alikuwa akitunza mafaili ya kliniki yake ya ushauri kwenye kabati la chuma lenye kufuli kubwa la shaba, na ufunguo aliuvaa shingoni. Kila mwanamke aliyeketi mbele yake, Matroni alimwahidi kwamba habari zake hazitatoka mle. Mji huu ni mdogo. Mgonjwa akiwa ndani, mama mkwe wake yuko benchi, na jirani wa mama mkwe yuko kwenye benchi la pili. Ni mimi niliyemshawishi ahamie kwenye kompyuta. Nilimwandikia hata waraka wa kurasa nne, wenye utangulizi.

"Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo," alisema. "Nitakaa palepale benchi na simu yangu hii hii. Nikiona hata kivuli cha kitu chetu, narudi kwenye makaratasi, na waraka wako nitaufungia maandazi."

Nilimpigia fundi aliyetuuzia vifaa, akaniletea swichi inayoweza kupangwa, yaani kisanduku kimoja cha kuchomekea kebo unachoweza kukigawa ndani kikawa kama visanduku vitatu visivyojuana. Alinionyesha kwa nusu saa, akaondoka akiwa na imani kubwa kuliko yangu. Jumamosi, kituo kikiwa kimetulia, nikavua viatu, nikaanza.

Kanda ya kwanza wafanyakazi, ya pili seva, ya tatu wageni. Kila kanda nikaipa anwani zake, yaani namba za kutambulisha vifaa: za wafanyakazi zina kumi katikati, za seva ishirini, za wageni thelathini. Kebo za wafanyakazi nikazifunga utepe wa bluu, za wageni wa kijani, ya seva mwekundu. Kati ya kanda akakaa fayawoli, ambaye ni mlinzi mwenye orodha. Kila kinachotaka kuvuka huulizwa kinatoka wapi, kinakwenda wapi na kufanya nini. Mlinzi husoma orodha kuanzia juu, na sharti la kwanza linalolingana ndilo analofuata, hasomi tena chini yake.

Sharti langu la kwanza liliandikwa: zuia vyote. Nililiweka juu kabisa kwa sababu lilionekana la muhimu zaidi. Nikabonyeza kuhifadhi, na mlinzi, mtiifu kupita kiasi, akazuia vyote, nikiwemo mimi. Ilinibidi nichomeke kebo ya dharura kwenye kisanduku chenyewe, fundi akinielekeza kwa simu huku akitafuna kitu.

"Hilo huwekwa mwisho, mzee," alisema. "Ruhusu unachokitaka kwanza, halafu chini kabisa ndiyo unazuia kilichobaki."

Basi nikaandika upya. Wafanyakazi wafike kwenye programu ya mafaili iliyo ndani ya seva, na hiyo tu. Ile folda iliyoachwa wazi nikaifunga kabisa. Seva isianzishe mazungumzo na mtu. Ijibu tu inapoulizwa, maana mlinzi humkumbuka aliyeuliza na kulipitisha jibu. Wageni waende intaneti, wasiguse kingine chochote. Nilisahau kuwaruhusu wageni kuuliza majina ya tovuti, kwa hiyo saa nzima simu yangu ilionyesha waifai imejaa na hakuna kilichofunguka. Nikaongeza na hilo. Kufikia alasiri kila kitu kilikwenda. Nilikula muhogo wangu wa kuchoma pale sakafuni, nikijiona mhandisi.

Jumatatu ilipita vizuri. Jumanne ni siku ya kliniki ya Matroni, na saa nne asubuhi alisimama mlangoni kwangu.

"Programu haifunguki. Nina kina mama kumi na wawili nje."

Nikaenda kwenye kompyuta yake. Kebo ilikuwa mahali pake, utepe wa bluu. Nikaangalia anwani, nikaona thelathini katikati. Kompyuta ya Matroni ilikuwa imekuwa mgeni. Mlinzi alikuwa akifanya kazi niliyompa: mgeni haruhusiwi kufika kwenye seva. Kompyuta ya duka la dawa nayo ilikuwa mgeni. Ya maabara ilikuwa bado mfanyakazi, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu nilishindwa kuliona linafuata kanuni gani.

Kabati la swichi lipo mapokezi, kwenye kona nyuma ya kiti cha Shangazi, kwa kuwa hapo ndipo waya zote hufikia. Nilifungua. Mle ndani, katikati ya mpangilio wangu wa rangi, kulikuwa na kebo fupi nisiyoijua. Upande mmoja ulikuwa umechomekwa tundu la kijani, upande wa pili tundu la bluu.

"Shangazi, hii kebo imetoka wapi?"

"Droo yako ya chini," alijibu bila kugeuka, akimwandikisha mtu.

"Na imefikaje humu?"

Sasa akageuka. "Alikuja mzee wa watu kutoka Msimbati, katoka huko alfajiri. Binti yake kamtumia barua ya rufaa kwenye simu, inatakiwa ichapwe. Zamani simu ya mgeni ilikuwa inaiona printa. Leo haioni. Nikutafute, hupo. Nikaangalia humu, naona kijani ya wageni huku, bluu yetu kule, na wewe mwenyewe ulisema ndiyo rangi zao. Nikawaunganisha. Nikamwambia mzee azime waifai awashe, barua ikatoka. Kaniombea dua ndefu, wewe hujapata kuombewa hivyo."

Nilikaa kwenye kiti cha wageni. Kebo ile moja ilizifanya kanda mbili kuwa kanda moja. Kila kompyuta ilipowashwa asubuhi ile iliomba anwani, na mgawaji wa anwani aliyetangulia kujibu ndiye aliyesikilizwa, wa wafanyakazi au wa wageni, bahati nasibu. Ndiyo maana Matroni alikuwa mgeni. Na simu ya mzee wa Msimbati, baada ya kuzimwa na kuwashwa, ilipata anwani ya mfanyakazi. Mlinzi hakuvunjwa wala kudanganywa. Watu walipitia ukutani, pembeni yake.

Swichi ile ina kinga ya kugundua kebo ya namna hiyo na kulifunga tundu. Niliizima mwenyewe Jumamosi, kwa sababu ilikuwa ikichelewesha kompyuta kuingia mtandaoni kwa nusu dakika, nami nilikuwa na haraka ya muhogo.

Niling'oa kebo, nikazunguka kuziwasha upya kompyuta zilizopotea, nikairudisha kinga. Kina mama wakaanza kuingia. Kisha nikaenda kwa Matroni kumweleza, na njiani nilitunga sentensi nzuri kadhaa ambamo hapakuwa na mkosaji.

Aliniuliza swali moja. "Yule mzee aliweza kuona nini?"

"Ukurasa wa kuingilia wa programu. Bila jina na paswedi yako, hapo ndipo mwisho. Folda nilishaifunga. Lakini alifika mlangoni, Matroni, na hakutakiwa kufika mlangoni."

"Leo umeongea bila utangulizi," alisema. "Ijumaa iko palepale."

Kilichobaki kilikuwa Shangazi. Ningeweza kumkataza, na angenikubalia kwa adabu, na mgeni mwingine angekuja na barua. Shida yake ilikuwa ya kweli, nami niliizungushia ukuta bila kuiwekea mlango. Kwa hiyo nikaichukua ile printa kongwe ya mwaka niliofika, mmezaji wa karatasi, iliyokuwa ikikaa stoo, nikaiweka mezani kwake na kuifunga utepe wa kijani. Ilikaa kanda ya wageni. Simu yoyote ya benchi huiona, na zaidi ya hapo haioni kitu kingine chetu.

"Hii ni yangu?" aliuliza.

"Ya wageni wako."

"Basi ni yangu." Akaifunika kitambaa cha kufuma.

Ijumaa Matroni alikuja benchi na simu yake, akakaa kati ya mama mwenye mtoto na mzee mwenye mkongojo. Nilijifanya napanga majarida. Alitafuta folda, hakuna. Aliandika anwani ya seva, niliyompa mwenyewe kwenye karatasi, akasubiri. Simu ilizunguka ikachoka. Akajaribu printa ya ofisini kwangu, kompyuta yake, ya maabara. Mwishowe alichapa kitu, na printa ya Shangazi ikakohoa, ikatoa karatasi. Ilikuwa ukurasa wa kwanza wa waraka wangu.

"Kinachoonekana ni hiki tu," alisema, "na hiki hakimdhuru mtu."

Aliingia ofisini kwake, akarudi na lile kufuli la shaba. Nilidhani ananikabidhi kama tuzo na nikanyoosha mkono. Alinipita, akaenda kwenye kabati la swichi nyuma ya kiti cha Shangazi, akalifunga, akavuta mara mbili kuhakikisha. Ufunguo akauvaa shingoni.

Mpaka leo nikitaka kugusa waya wangu napiga hodi kwa Matroni, naeleza kwa nini, naye huamua kama sababu inatosha. Nikichelewa kurudisha ufunguo, Shangazi hunikumbusha kwa sauti ya kusikika benchi zote tatu.