Siku Nilisalimia Kengele

Wewe umewahi kusalimia ukuta, na ukuta ukakuitikia? Mimi nimesalimia. Si hapa Eldoret, hapa ukuta ni ya kuegemea tu. Ilikuwa Uingereza, ule mwaka nilienda kuona mjukuu wangu anasomea unesi.

Siku hiyo tulikuwa kwa treni, mchana, tunarudi kwake. Nikaona ameinamisha kichwa. Nikamuuliza kwani ni nini. Akaninong'onezea kwa lugha yetu kwamba yule mwanaume wa jaketi ya kijani anamfuata kila wiki. Anakaa karibu, anamshika goti, anamwambia maneno ya aibu. Alikuwa hajaambia mtu yeyote. Alikuwa amepanga kuacha masomo arudi nyumbani.

Macho yangu yakaenda kwa mkono wa kengele ya hatari kando ya mlango. Nikasimama niuvute. Akanizuia, akasema hapa katikati ya safari dereva atasikia, lakini watu wa kusaidia wako steseni, na steseni imefika. Basi tukashuka na umati. Huyo bwana naye akashuka, akasimama nyuma yetu kama ng'ombe anangoja chumvi.

Kwa ukuta kulikuwa na kisanduku kina vifungo viwili. Mjukuu akanielezea kimoja ni cha kuulizia treni, kingine ni cha hatari.

"Lakini Gogo," akasema, maana kwetu nyanya ni Gogo, "hicho ni cha watu wanakufa."

Nikamwambia hata masomo yake yanakufa. Nikabonyeza cha hatari.

Sauti ya mama ikatoka, ikauliza tuna shida gani. Sasa mimi nimelelewa hivi: shida haitangulii salamu. Kwa Kiingereza changu cha sokoni nikamuuliza ameamkaje, watoto wako aje, na huko kwake kumenyesha? Halafu akasema watoto wako salama, asante, na wewe mama uko salama?

Mjukuu wangu akacheka mpaka machozi ikatoka. Akanisogeza polepole, akainama pale, akasema mwenyewe: "Kuna mwanaume ananifuata. Amenishika kwa treni mara nyingi. Yuko hapa."

Akataja jaketi, akataja behewa. Mama wa sauti akasema anatuona kwa kamera, tusitoke hapo, mtu anakuja.

Bwana kusikia hivyo, akapanda ngazi mbio, na tumbo yake. Mfanyakazi wa steseni akafika, akasimama na sisi mpaka polisi wa reli wakaja kuchukua maneno ya mtoto. Hakuna aliyemuuliza mbona hukusema mapema. Baada ya siku chache wakapiga simu: wamemfuata kwa picha za kamera, wamemshika.

Weh, siku hiyo tulikula kuku, na kesho yake mtoto akaenda darasani anaimba.

Nikiagana naye uwanja wa ndege, akanishika mikono yote miwili.

"Gogo, mtu akinigusa tena, nitaripoti siku hiyo hiyo. Sitangoja mpaka wewe utoke Eldoret."