Kadi Bunia, Simu Mongbwalu

Yaya, dada yangu mkubwa, alipata nafasi ya kusoma nje, ila chuo kilitaka kwanza cheti cha mtihani wa Kiingereza. Mtihani wenyewe hufanyiwa Kampala, na ada hulipwa kwenye intaneti tu, kwa kadi. Ijumaa ile ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha.

Tulijaribu kwanza kadi ya pesa za simu. Ilikataa, kwa kuwa ada ilipita kiwango chake cha malipo ya mara moja. Ndipo Baba mudogo, anayenunua dhahabu Mongbwalu, akatutumia kadi yake ya benki kwa dereva wa pikipiki, imefungwa ndani ya soksi. Tulifurahi. Hakuna aliyekumbuka kwamba benki, kabla ya kulipa, hutuma kode, yaani namba za siri, kwenye simu ya mwenye kadi. Na simu ilibaki Mongbwalu.

Ijumaa hiyo tuliingia chumba cha intaneti, karibu na soko la Bunia. Yaya akaandika namba za kadi, skrini ikaomba kode. Kazi yangu ilikuwa kumpigia Baba mudogo. Mimi kuongea kwa simu mbele ya watu ni shida, nilifunika mdomo kwa kiganja.

“Weye nani? Ongea kwa nguvu, mama!”

“Ni mie. Kode imeingia?”

“Hakuna kitu. Rezo ya huku iko inakatika.” Mtandao wa simu wa Mongbwalu ndivyo ulivyo.

Dakika zilizotolewa zikaisha, skrini ikafuta kila kitu. Yaya akaanza upya. Nikapiga tena: simu haipatikani.

“Huyu Baba yenu ameingia ndani ya shimo na simu?” mwenye chumba akasema, na vijana wote wakacheka. Yaya hakucheka. Alijaribu mara ya tatu. Safari hii dakika za kode zilipoisha, skrini iliandika kwamba malipo ya kadi yamefungwa.

Tulikimbia benki. Mama wa gishe, dirisha la kuhudumia wateja, alitazama jina kwenye kadi, akatutazama sisi.

“Huyu muzee iko wapi? Yeye mwenyewe ndiye anafungua. Na kitambulisho.”

“Iko Mongbwalu,” Yaya akasema.

“Basi akuje.”

Kwa barabara ile, angefika kesho. Yaya aliirudisha kadi ndani ya soksi.

Jioni tulikuwa tumekaa jikoni kwetu, mtaa wa Rwambuzi, sombe ya majani ya muhogo ikichemka, simu ikalia. Baba mudogo alikuwa amepanda kilima kutafuta rezo, anahema.

“Mama, zimeingia! Zote tatu! Kamata kalamu.”

Akasoma kwa Kifaransa, polepole, kama tunavyosoma namba huku, na baada ya kila moja aliuliza, “Umeandika?”

“Ndiyo, Baba.”

Yaya alinitazama tu, akakoroga sombe. Niliandika zote, hadi ya mwisho.